Tangazo la delivari lisianze na jina la kampuni yako

Wenye delivari za pikipiki hapa Arusha huniletea maneno ya video yakiwa yameshaandikwa, na mstari wa kwanza karibu kila mara ni uleule: "Habari za leo, karibuni sana katika kampuni yetu, tunatoa huduma bora, ya haraka na ya uhakika ya kusafirisha mizigo ndani na nje ya jiji." Nikiomba ufutwe, wanashtuka. Wanaamini kuanza bila salamu ni kukosa adabu, na kwamba kampuni isipotajwa mwanzoni haitakumbukwa. Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, kwa hiyo naandika.

Dhana: salamu na jina la kampuni vitangulie

Salamu ni adabu kwa mtu aliyekufungulia mlango. Anayepitisha kidole TikTok hajakufungulia. Yuko kwenye daladala ya Ngaramtoni, au amekaa dukani anasubiri mteja, na kidole kiko tayari kupandisha video inayofuata. Usome ule mstari kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Sekunde tatu zinaisha ukiwa umefika kwenye "kampuni yetu", na huyo mtu hajasikia neno hata moja linalomhusu. Kwa mwendo wa kawaida wa kuongea, sekunde tatu zinabeba maneno sita hadi nane ya Kiswahili, na ukichagua marefu yanapungua. Huna nafasi ya "bora, haraka na uhakika", ambayo hata muuza magodoro anayasema.

Kabla ya kuandika chochote, ujue nani anayekupigia simu. Dada mmoja mwenye pikipiki nne aliniambia wateja wake ni wakazi wote wa Arusha. Tulipopitia oda zake za WhatsApp, nyingi zilitoka kwa wauza nguo na vipodozi wanaouzia Instagram, wenye viduka karibu na Soko Kuu na Kilombero, wanaopeleka mizigo Njiro, Sakina na Moshono. Nauli mara nyingi hulipwa na anayepokea, lakini anayechagua dereva ni muuzaji. Basi tangazo ni la muuzaji.

Nikamuuliza: dada, hao wauzaji walikuwa wanalalamikia nini kabla hawajaanza kukupigia wewe? Hakutaja mwendo hata kidogo. Alisema walikuwa wakisimamisha boda yeyote anayepita, wanampa mzigo, halafu simu yake haipatikani na mteja wa Njiro anadai hela yake irudi. Hapo mstari ulikuwa umeshapatikana, ulihitaji kufupishwa tu:

"Boda kachukua gauni. Simu haipatikani."

Ni maneno matano. Kwenye picha yupo muuzaji dukani, simu sikioni, na inasikika ile sauti ya mtandao inayosema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Hakuna muziki. Anayeuza nguo Arusha akiisikia hiyo sauti anainua macho, maana anaijua ilivyo. Kuanzia sekunde ya nne ndipo linakuja jibu: "Ukitupatia sisi mzigo, unapata jina la dereva, namba ya pikipiki, na picha mzigo ukipokelewa." Wakati huohuo dereva anaingia, na jina la kampuni limeandikwa kubwa kwenye sanduku la pikipiki. Jina limeonekana, na limeonekana likiwa jibu la shida ambayo mtazamaji ameshaikumbuka. Hivyo ndivyo linavyokaa kichwani.

Jambo moja silegezi. Nilikataa kurekodi mpaka madereva wake wote waanze kweli kutuma hizo picha kila wanapokabidhi mzigo. Mstari mkali ukifuatwa na ahadi ya uongo unakuletea malalamiko mengi kuliko oda. Na usiandike kwamba boda ni wezi. Simu huisha chaji, na madereva wako mwenyewe walitoka vijiweni. Mstari unataja simu isiyopatikana, basi, wala haumtuhumu mtu.

Utajuaje kama umefaulu? Achana na kuhesabu "like". Fungua takwimu za video, utazame mchoro unaoonyesha watazamaji wanavyopungua sekunde kwa sekunde. Mchoro ukiporomoka kabla ya sekunde ya tatu, tatizo ni mstari wa kwanza. Ukishika hadi ya tatu halafu ukaporomoka ya tano, mstari umevuta watu lakini jibu halikulingana nao. Kama unalipia kupitia Meta Ads Manager, chukua "3-second video plays" ugawe kwa "Impressions". Tangazo likionyeshwa mara 2,000 na kuchezwa hadi sekunde ya tatu mara 500, umebakiwa na robo. Namba hiyo peke yake haikuambii mengi, kwa hiyo rekodi mianzo miwili, uiunganishe na mwili uleule wa video, kisha uilinganishe. Usibadilishe kitu kingine chochote. Ukibadilisha na muziki na bei, hutajua kilichofanya kazi ni kipi.

Dhana: anza na swali, "Je, umechoka kusubiri mzigo wako?"

Wengi hawajachoka, au hawasubiri mzigo wowote leo. Wanajibu hapana moyoni na kupita. Geuza swali liwe tukio lenye mahali na saa: "Keki ni ya saa kumi. Sanawari foleni." Muoka keki atasimama hapo, na wengine wapite tu, huwahitaji.

Dhana: ahidi dakika kumi popote

Usa River iko kama kilomita 20 kutoka mjini. Dakika kumi hapo ni mwendo wa kilomita 120 kwa saa, kwenye barabara yenye malori na watoto wa shule. Ahadi hiyo inamsukuma dereva wako kwenye hatari, na masika ikianza hutaitimiza hata Njiro. Sema saa unayoiweza: "Mzigo ukifika kwetu kabla ya saa nne, unapokelewa kabla ya saa sita." Tena dereva anayeonekana kwenye video avae kofia ngumu, toka picha ya kwanza.

Dhana: wimbo unaovuma utafanya kazi yote

Akaunti ya biashara TikTok hairuhusiwi kutumia nyimbo zote. Ina maktaba yake ya muziki wa kibiashara. Halafu wapo wengi wanaotazama bila sauti, kazini au kanisani. Andika mstari wako wa kwanza kwenye skrini kwa herufi kubwa, uuweke juu kidogo ya katikati, kwa sababu chini hufunikwa na maelezo ya posti na pembeni kuna vitufe.

Dhana: video ya Arusha itumike na Moshi vilevile

Mtu wa Moshi akisikia Sanawari anajua si yeye anayeongeleshwa. Huna haja ya kurekodi video nzima upya, badilisha mwanzo tu. Muuzaji awe soko la Mbuyuni, mteja awe muuguzi wa hospitali ya KCMC ambaye hawezi kutoka zamu kuja kuchukua viatu: "Viatu viko Mbuyuni. Zamu inaisha saa mbili usiku." Ila mwulize kwanza mwenye pikipiki kama madereva wake wanaruhusiwa kuingia hadi ndani au mzigo unaishia getini, kisha sekunde ya nne iseme hivyohivyo.