Bima ya hatari zote za ujenzi: inaanza lini, inaisha lini

Kwenye jedwali la hati ya bima ya ujenzi kuna tarehe mbili, ya kuanza na ya kuisha, na wenye nyumba wengi husoma hizo tu. Wanazichukulia kama tarehe za bima ya gari. Lakini bima ya gari hufuata kalenda, na hii hufuata kazi. Inaweza kuanza baada ya tarehe iliyoandikwa, na sehemu ya jengo inaweza kutoka ndani ya bima miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, bila barua wala simu kutoka kwa mtu yeyote.

Jina lenyewe lina mtego kidogo. "Hatari zote" haimaanishi kila hasara italipwa. Bima nyingi za mali hutaja majanga zinayolipia, basi. Hii hugeuza mambo. Hulipia uharibifu wowote wa ghafla usiotarajiwa uliotokea saiti, isipokuwa ule ambao hati imesema wazi kwamba hailipii. Moto, mafuriko, wizi wa nondo, ukuta kuanguka, fundi kuteleza na kuharibu alichokijenga jana: vyote vimo mpaka uonyeshwe kifungu kinachovitoa. Kwa kawaida hati ina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu jengo linalojengwa na vifaa vyake, ya pili inahusu madai ya watu wengine, kwa mfano mpita njia aliyeangukiwa na tofali. Hukatwa kwa jina la mwenye jengo na mkandarasi kwa pamoja, na ada yake hupigwa kwa mradi mzima, juu ya thamani ya jengo likiwa limekamilika. Thamani hiyo ni pamoja na ufundi na vifaa utakavyonunua mwenyewe nje ya mkataba wa mkandarasi.

Sasa mwanzo. Hati nyingi husema kwamba dhamana ya kampuni inaanza kazi inapoanza, au vifaa vinapokuwa vimeshushwa saiti. Hebu tuchukue jengo dogo la ghorofa moja lenye makazi manne, mawili chini na mawili juu, ambalo tutakwenda nalo mpaka mwisho. Hati yake inasema 1 Machi mpaka 28 Februari mwaka unaofuata. Mkandarasi anachelewa, saiti ni tupu mpaka tarehe 20 Machi lori la nondo linapofika. Zile siku 19 hapakuwa na kitu cha kulipiwa. Nondo zikiwa bado juu ya lori barabarani, bado si mali ya bima hii. Lori likipinduka kona ya mwisho, hiyo ni kazi ya bima ya mizigo safarini. Zikishashushwa na kupangwa ndani ya uzio, zimo.

Hapo ndipo watu hupotelea vifaa bila kujua. Vigae vimepatikana kwa bei nzuri mwezi wa tatu, vitatumika mwezi wa kumi, basi vinawekwa kwenye stoo ya shemeji. Stoo ya shemeji si saiti. Vikiibwa huko, hati haivijui, isipokuwa iwe na kiambatisho cha vifaa vinavyohifadhiwa nje ya saiti, chenye anwani ya mahali hapo na kikomo cha thamani.

Upande wa pili ni kazi iliyoanza kabla ya bima. Mtu anachimba msingi Januari, anamwaga zege, halafu benki inayomkopesha inadai bima naye anaikata Machi. Asitegemee kwamba hati itarudi nyuma kuufunika ule msingi. Katika hali hii kampuni hutaka kukagua kwanza, na inaweza kukubali kazi ya kuanzia hapo tu. Mweleze dalali wako ukweli kuhusu kilichokwisha kusimama. Ukificha, mkaguzi wa hasara atakiona siku mbaya kuliko zote.

Mwisho ndio wenye mambo zaidi. Tarehe ya kuisha kwenye jedwali ni ukomo wa mbali kabisa. Kabla yake kuna kifungu kifupi, mara nyingi sentensi moja, kinachosema dhamana inakwisha kwa kila sehemu ya jengo iliyokabidhiwa au iliyoanza kutumika. Angalia maneno mawili hapo. "Kila sehemu" maana yake jengo halisubiri kwisha lote. Na "au" maana yake huhitaji hati ya makabidhiano. Kutumia tu kunatosha. Kwa anayejenga na mafundi wake bila mkandarasi hili ni kubwa, maana yeye hana siku ya makabidhiano. Bima itaangalia matumizi. Mlinzi kulala kibandani ni sehemu ya kazi ya saiti, lakini familia ikihamishia vitanda na friji vyumba viwili vya chini, vyumba hivyo vimeanza kutumika.

Turudi kwenye jengo letu. Desemba nyumba mbili za chini zimekwisha, juu bado mabomba na rangi. Mwenye jengo ana mkopo wa kulipa, anapangisha chini. Mwezi mmoja baadaye fundi bomba anajaza maji kwenye mfumo wa juu ili kuujaribu, anaondoka jioni, usiku kiungo kimoja kinaachia. Asubuhi maji yameshuka mpaka chini. Juu, plasta, milango na waya mpya vinahitaji milioni 6. Chini, dari, makabati na sakafu ni milioni 9, na magodoro na televisheni za wapangaji ni milioni 2.

Mwenye jengo anadai 17. Mkaguzi anaanza kugawa. Juu bado ni kazi ya ujenzi, hivyo ile milioni 6 inalipika. Kiungo chenyewe kilichofungwa vibaya hakilipwi, kwa sababu gharama ya kurekebisha kazi mbovu si ya bima, ila kilichofanywa sawasawa kikaharibiwa na kazi ile mbovu kinalipwa. Kinatolewa kiasi ambacho mwenye bima hujibebea katika kila hasara, tuseme milioni 1, zinabaki 5. Vitu vya wapangaji ni mali ya watu wengine, hivyo vinaangaliwa chini ya sehemu ya pili ya hati, ikithibitika kuwa fundi wa mkandarasi ndiye mwenye kosa.

Ile milioni 9 ya chini ndiyo inayoumiza. Sehemu ya kwanza haiilipi, kwa sababu nyumba za chini zilishaanza kutumika. Mwenye jengo anasema basi ilipwe na sehemu ya pili, maana mkandarasi kaniharibia mali. Nayo inakataa: sehemu ya pili ni ya watu wa nje, na mali ya mwenye jengo, ambaye naye ni mkatiwa bima, haimo. Fedha hiyo ataitafuta kwa mkandarasi mwenyewe, kwa mazungumzo au mahakamani.

Dawa yake ipo, na ilipaswa kuombwa kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Kuna kiambatisho kinachoendelea kulinda sehemu zilizokabidhiwa au zinazotumika dhidi ya uharibifu unaosababishwa na kazi inayoendelea kwenye sehemu zilizobaki. Maji ya fundi wa juu yangeingia humo moja kwa moja. Moto ulioanzia jikoni kwa mpangaji usingeingia, kwa hiyo hata ukiwa nacho, nyumba za chini zinahitaji bima ya kawaida ya jengo tangu siku ya kupangishwa. Mimi huona kiambatisho hiki ni cha lazima kwa yeyote anayejenga nyumba zaidi ya moja, kwa sababu karibu wote hupangisha kipande kwa kipande.

Kuna njia nyingine ya bima kukutoka mikononi huku tarehe ikiwa bado: kazi kusimama. Fedha zinaisha ghorofa ya juu ikiwa kwenye lenta, mafundi wanaondoka, mirunda inabaki imesimama miezi minne. Hati za kawaida haziilipi hasara inayotokana na kusimama kwa kazi, iwe yote au sehemu. Ukuta usio na paa ukiloweka mvua wiki baada ya wiki mpaka ukalala, kampuni itauliza kwanza mafundi walikuwepo mara ya mwisho lini, na daftari la saiti litajibu. Likizo ya sikukuu si tatizo. Ukijua fedha zimekwisha kweli, andika barua kabla ya kufunga geti. Kampuni inaweza kukubali kuendelea kwa masharti: mlinzi, uzio, vifaa vyepesi viondolewe, sehemu zilizo wazi zifunikwe, na pengine ada ya ziada. Kujenga kwa awamu ni jambo la kawaida, lakini liseme tangu siku ya kukata bima, miezi ya kusimama iwekwe kwenye mpango wa kazi.

Halafu inafika 28 Februari na bado kuna wiki sita za kazi. Kuongeza muda kunahitaji idhini ya kampuni kwa maandishi kabla tarehe haijapita. Peleka ombi mwezi mmoja kabla, pamoja na picha za saiti, asilimia ya kazi iliyobaki na tarehe mpya unayoamini. Ukichelewa hata siku tatu unaomba bima mpya kwenye jengo lililokaribia kwisha, na pengo lile linakukuta katika siku ambazo ndani ya kuta kuna thamani kubwa kuliko wakati wowote wa mradi, madirisha na makabati yote yakiwa yamefungwa.

Baada ya makabidhiano kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi miezi 6 au 12, ambapo mkandarasi hurudi kurekebisha kasoro. Hati inaweza kukifunika, ila kwa wembamba. Aina ndogo hulipia tu uharibifu ambao mkandarasi anausababisha anaporudi kurekebisha, kama fundi aliyekuja kuziba ufa akachoma dari kwa mashine. Aina pana huongeza uharibifu unaojitokeza kipindi hicho lakini chanzo chake kilikuwa saiti wakati wa ujenzi. Radi ikipiga paa mwezi wa pili baada ya kukabidhiwa funguo, hakuna hata moja kati ya hizo inayohusika. Hiyo ni ya bima ya jengo, na ndiyo maana tarehe yake ya kuanza inatakiwa iwe siku ileile iliyoandikwa kwenye hati ya makabidhiano, au siku vitanda vinapoingia, ipi itatangulia.