Lipa Namba haijui kama ni zaka au ni ya ujenzi

Wapendwa washarika, Bwana Yesu asifiwe.

Jumapili iliyopita, matangazo yalipokwisha, mama mmoja wa jumuiya ya Ipagala alinifuata ofisini. Alifungua pochi, akatoa simu na kuiweka mezani mbele yangu. "Mhazini, mmenifuta kanisani?" Orodha ya waliopunguza ahadi ya ujenzi ilisomwa, jina lake halikuwemo. Pesa ilishakatwa na meseji anayo. Nikamuuliza, "Mama, ulipotuma ulitueleza ni ya nini?" Akanijibu kama ninavyojibiwa kila wiki: "Si nimelipa kwenye namba ya kanisa? Huko kwenu inaonekana."

Haionekani. Nimelisema hili mlangoni, nimelisema kwenye jumuiya, na sasa naliandika ili kila mmoja alisome kwa nafasi yake.

Mnapolipa, simu ya ofisi inapokea meseji yenye kiasi, tarehe na saa, namba ya muamala, na jina la mwenye laini. Haisemi kama ni zaka, ahadi, shukrani wala malimbuko. Na jina lile ni la aliyeisajili laini, ambaye huenda si ninyi mliotoa. Wazee wengi laini zao zilisajiliwa na mtoto au mpwa, hasa wakati ule wa alama za vidole, mwaka 2019 kuingia 2020, kwa sababu mwenyewe alikuwa bado hajapata namba ya NIDA. Kwangu mimi mtoaji anaonekana ni yule mpwa, ambaye pengine anasali kwingine.

Naelewa dhana hii inatoka wapi, na sidhani ni uzembe. Ukinunua LUKU unaingiza namba ya mita, na umeme unaoupata ni wa mita yako. Ukilipa bili ya maji ya DUWASA unaingiza kumbukumbu namba, na deni linapungua kwenye akaunti yako. Ile kumbukumbu namba ndiyo inayobeba habari ya nani na kwa ajili ya nini. Lipa Namba haina sehemu hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya mwenye duka: mteja amesimama mbele yake, sukari iko mkononi, pesa inaingia, biashara imekwisha. Muuzaji hahitaji kuambiwa ni ya nini kwa sababu anaona kwa macho. Mimi siwaoni. Ninyi mko Nkuhungu saa mbili asubuhi, na mimi niko ofisini natazama jina nisilolijua.

Sasa niwaeleze yaliyompata yule mama, kwa ruhusa yake. Alhamisi alituma 65,000 kwa mkupuo mmoja. Moyoni mwake 40,000 ilikuwa zaka, 15,000 ahadi ya ujenzi, na 10,000 shukrani ya mjukuu aliyetoka hospitali. Kwangu iliingia 65,000 kwa jina la kijana ambaye hayumo kwenye daftari la bahasha. Nilidhani ni mgeni, nikaiandika yote sadaka ya kawaida. Kwa hiyo zaka yake haikuingia kwenye bahasha yake, mfuko wa ujenzi ukapungukiwa 15,000, na shukrani ya mtoto haikutajwa madhabahuni. Hakuna shilingi iliyopotea, lakini matoleo yake matatu yote yalikaa mahali pasipo pake.

Tulilitatua kwa namba ya muamala, ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu ulio kwenye meseji yake. Nililinganisha na taarifa ya miamala ya ofisi, herufi kwa herufi, hadi nikaukuta. Kwenye kitabu sikufuta. Niliandika mstari mpya unaohamisha fedha kutoka sadaka ya kawaida kwenda mafungu yake matatu, tukasaini mimi na mzee wa kanisa wa zamu. Nawaomba mlielewe hili, maana wapo wanaoniambia "badilisha tu hapo". Kitabu cha hazina hakifutwi. Mkaguzi akikuta pamefutwa ana haki ya kuuliza pesa imekwenda wapi.

Namna ya kulipa yenyewe ni fupi. Piga menyu ya mtandao wako (M-Pesa ni *150*00#), nenda sehemu ya kulipa, chagua Lipa Namba, ingiza namba iliyobandikwa ubaoni, kisha kiasi. Kabla hujathibitisha malipo simu itakuonyesha jina. Lazima liwe jina la usharika. Likitokea jina la mtu, hata likiwa langu, acha hapo hapo. Na meseji yoyote inayokwambia "ile namba ya mwanzo ina shida, tuma kwenye hii" ni ya tapeli.

Hatua mnayoiacha inakuja baada ya hapo. Tuma meseji ya kawaida kwenye simu ya ofisi, namna hii:

```
B147 ZAKA 40000 UJENZI 15000 SHUKRANI 10000
```

B147 ni namba ya bahasha yako. Usiyejua namba yako andika jina kamili na jumuiya. Jumla iwe sawa na ulichotuma, kwa sababu kwa jumla hiyo na saa yake ndipo ninapoutambua muamala. Kama laini ina jina la mtu mwingine, ongeza jina hilo mwishoni. Huna haja ya kulipa mara tatu kwa mafungu matatu. Lipa mara moja, meseji ndiyo itakayogawa.

Kuna ndugu walipendekeza tumalizie kiasi kwa namba ya bahasha, yaani mwenye bahasha 147 atume 40,147. Tulijaribu na wachache. Inasaidia kumjua mtoaji, ila haisemi ni fungu gani, na anayetoa zaka kamili ya mshahara wake hataki kuiongeza wala kuipunguza. Nimeiacha.

Je, tuombe namba ya kampuni yenye sehemu ya kumbukumbu? Kamati inalijadili, na mimi mwenyewe sijaamua moyoni. Faida naiona. Lakini mzee akikosea tarakimu moja, akaandika 174 badala ya 147, zaka yake itaingia kwenye bahasha ya jirani na hakuna atakayeshtuka. Leo nisipomjua mtu, angalau najua kwamba simjui.

Jambo la pili linanisumbua zaidi. Bahasha ilifunguliwa na wahesabuji wawili, mbele ya mzee, baada ya ibada. Meseji inaingia kwenye simu moja, na yeyote anayeishika anasoma nani katoa kiasi gani. Kwa sasa simu inalala kwenye sanduku la hazina, na funguo ni mbili kwa watu wawili. Pesa yenyewe inatoka kwenda benki tu, kwa saini zetu wawili. Kuhusu macho ya anayeishika mchana, bado sijapata dawa inayoniridhisha.

Hesabu ya wiki inafungwa Jumapili ibada ya pili ikiisha. Kinachoingia baada ya hapo kitasomwa Jumapili inayofuata.

Hadi naandika, miamala mitatu ya mwezi huu haina mwenyewe kwenye kitabu: 20,000 ya Jumatano saa moja usiku, 5,000 ya Ijumaa alfajiri, na 112,500 ya Jumamosi mchana. Hii ya mwisho, kwa namna ilivyokaa, nahisi ni zaka ya mtu aliyepiga hesabu yake vizuri. Kama ni yako, njoo na meseji yako, au tuma namba ya muamala kabla mwezi haujafungwa.