Kumi na Kumi Zilizozaa Kumi na Tisa

Kwenye karatasi ya mazoezi ninayowapa vijana wa tuisheni ya jioni hapa Mtwara mjini, swali la cherehani haliondoki. Linasomeka hivi: Cherehani inauzwa shilingi 400,000 kabla ya kodi. Duka linampunguzia kila mteja 10%, na anayelipa taslimu anapunguziwa 10% nyingine kwenye bei iliyobaki. Baada ya hapo inaongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 18%. Mteja wa taslimu atalipa shilingi ngapi?

Jibu ni 382,320. Nikikusanya madaftari, hata hivyo, hukuta majibu manne. Matatu yaliyokosewa yamekuwa kama wageni niliowazoea: nikiliona jibu tu, najua mtoto amepita njia gani kulifikia, hata kama hakuonyesha kazi yake.

Aliyeandika 377,600 amejumlisha 10 na 10 akapata 20, akaondoa 20% na kubaki na 320,000, kisha akaweka kodi. Huyu ndiye mwenye wenzake wengi zaidi, na watu wazima wengi wako kundi lake.

Dawa yangu kwake haiko ubaoni, iko ghalani. Chukua gunia la korosho la kilo 100. Mjomba anakuja, anachukua sehemu ya kumi, yaani kilo 10, anapakia kwenye bodaboda na kuondoka. Shangazi naye anakuja nyuma yake, anachukua sehemu ya kumi ya alizozikuta. Je, amekuta kilo 100? Hapana, amekuta 90. Kwa hiyo anaondoka na kilo 9. Gunia limebaki na kilo 81, si 80.

Ile kilo moja ya tofauti ina mahali pake. Ni sehemu ya kumi ya zile kilo 10 za mjomba. Kama shangazi angetangulia, au kama wote wawili wangepimiwa siku moja kutoka gunia lililojaa, angeipata. Lakini mjomba ameshafika Mikindani na kilo zake, na shangazi hawezi kukata sehemu ya kumi ya kitu kisichokuwepo. Nikifika hapo darasa hucheka, na kicheko hicho ndicho kinachobaki kichwani mwao siku ya mtihani.

Rudi kwenye cherehani. 10% ya kwanza ni 40,000, bei inashuka hadi 360,000. 10% ya pili inakatwa kwenye 360,000, yaani 36,000, bei inashuka hadi 324,000. Jumla ya punguzo ni 76,000, ambayo ni 19% ya 400,000. Ukitaka njia ya mkato, usikate chochote: tafuta kinachobaki. Kila punguzo la 10% linaacha 0.9 ya bei, na kodi ya 18% inafanya bei iwe 1.18 ya ilivyokuwa. Mstari mmoja unatosha:

```
400000 × 0.9 × 0.9 × 1.18 = 382320
```

Kuna kijana aliwahi kubisha kwamba asilimia moja ni kitu kidogo, kwa nini nimnyime alama zote? Sikumjibu kwa maneno. Nilimwambia aniuzie kalamu yake kwa punguzo la 50%, kisha punguzo lingine la 50%. Akakubali haraka, akataka kuanza kuhesabu, akasita. Kwa hesabu yake ya kujumlisha, kalamu ni ya bure. Kwa hesabu ya duka, bado ananidai robo ya bei, kwa sababu nusu ya nusu ni robo. Kadiri mapunguzo yanavyokuwa makubwa, ndivyo kujumlisha kunavyodanganya zaidi. Hata 10% ukiirudia mara kumi cherehani haiwi ya bure: inabaki kama shilingi 139,471, karibu 35% ya bei ya mwanzo.

Jibu la pili ninalolijua ni 392,000. Huyu ameandika 10 kuondoa, 10 kuondoa, 18 kuongeza, akapata punguzo la 2% tu. Ametupa asilimia zote kwenye kapu moja kana kwamba zimetoka kwenye shamba moja. Ukimuuliza «18% ya nini?» anasema «ya cherehani.» Kosa lake lote liko hapo. Asilimia haina ukubwa wake yenyewe mpaka uitajie kitu inachokatwa. 10% ya kwanza ni ya 400,000, ya pili ni ya 360,000, na 18% ni ya 324,000. Misingi mitatu tofauti, huwezi kuijumlisha kama mayai.

La tatu ni 396,000, na hili nalipenda zaidi kwa sababu mwenye kosa hili amefanya mapunguzo sawasawa kabisa. Amefika 324,000 bila tatizo, kisha akarudi kuchukua kodi kwenye bei ya zamani: 18% ya 400,000 ni 72,000, akajumlisha. Kodi inatozwa kwenye bei anayouziwa mteja. Punguzo likishatolewa wakati wa kuuza, ile 400,000 ni kumbukumbu tu. Kodi sahihi ni 18% ya 324,000, yaani 58,320.

Wanafunzi wangu wakorofi huuliza kama kodi ikitangulia na punguzo likafuata mteja atapata hasara. Jaribu. 400,000 mara 1.18 ni 472,000. Ondoa 10%, inabaki 424,800. Ondoa 10% tena, inabaki 382,320. Ni ile ile, kwa kuwa kuzidisha hakujali nani ametangulia. Ila angalia kitu kimoja: kodi iliyomo ndani ya hizo 382,320 si tena zile 72,000 za mwanzo. Nayo imepunguzwa pamoja na bei, imekuwa 58,320. Risiti ya bei hiyo ikionyesha kodi ya 72,000, aliyeiandaa amesahau kushusha mstari mmoja.

Mpangilio huanza kuwa na maana pale punguzo moja linapokuwa la kiasi maalumu cha shilingi badala ya asilimia. Tuseme duka linakupunguzia shilingi 20,000 na pia 10%. Ukianza na 20,000, unabaki na 380,000, na baada ya 10% ni 342,000. Ukianza na 10%, unabaki na 360,000, na baada ya kutoa 20,000 ni 340,000. Mteja anayejua ataomba asilimia itangulie. Tofauti ya 2,000 ni 10% ya zile 20,000, ule ule mchezo wa mjomba na shangazi.

Sasa niseme jambo ambalo karatasi yangu inalificha. Nimeandika «kwenye bei iliyobaki» kwa makusudi. Maneno hayo matatu yakiondolewa, swali lina majibu mawili. Duka likisema kila 10% ni ya bei ya kwanza, basi kweli ni 20% na 320,000 ni sahihi. Hisabati haiwezi kukuamulia tangazo la duka lilimaanisha nini.

Mwaka huu jambo hili lilitoka kwenye daftari likaja kwenye simu yangu. Mama wa kijana mmoja, anayeshona nguo Chikongola, alikuwa dukani akinunua feni.

«Shikamoo mama.»

«Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie, nahisi naibiwa hapa.»

Feni iliandikwa 250,000. Bango lilisema 10% kwa wote na 10% zaidi kwa taslimu. Alikuwa amepiga hesabu nyumbani, akaja na 200,000 kamili na nauli. Muuzaji alikuwa anadai 202,500.

Nilimwomba asome bango neno kwa neno. Halikusema 10% ya pili ni ya bei ipi. Nikamweleza kwamba hesabu ya muuzaji haina kosa: 250,000 inashuka hadi 225,000, kisha 202,500. Ila na yeye hakuwa na kosa kulisoma bango alivyolisoma, kwa hiyo ana haki ya kulumbana nao. Alilumbana kweli, nilimsikia kwenye simu. Hawakushuka. Alikopa 2,500 kwa jirani aliyekuwa naye pale, feni ikapanda bajaji.

Jioni kijana wake alikuja na risiti ya mashine badala ya daftari. Mama yake alikuwa na swali jingine, na hili lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Risiti ilionyesha jumla 202,500 na kodi 30,889.83. Lakini 18% ya 202,500 ni 36,450. Je, duka limepunguza na kodi pia?

Hapa karatasi yangu na maduka yetu yanaachana. Mimi naongeza kodi mwishoni ili hatua zionekane, lakini bei inayobandikwa kwenye bidhaa ya muuzaji aliyesajiliwa kwa kodi hiyo huwa tayari imebeba kodi ndani yake. (Duka dogo la mtaani lisilosajiliwa haliruhusiwi kukutoza kodi hiyo kabisa.) Kwa hiyo 202,500 si bei inayosubiri kuongezewa 18%. Ni bei iliyokwisha kuongezewa. Ndani yake kuna sehemu 118: sehemu 100 za feni na 18 za kodi. Ukitaka kuitoa kodi, unagawanya kwa 118 na kuzidisha kwa 18:

```
202500 × 18 ÷ 118 = 30889.83
```

Kinachobaki, 171,610.17, ni thamani ya feni. Ukichukua 18% ya hiyo unarudi kwenye 30,889.83, na hiyo ndiyo njia ya kuikagua risiti yoyote ukiwa na simu mkononi. Anayekata 18% moja kwa moja kwenye 202,500 anatoza kodi juu ya kodi, ambalo ni kosa la 10 na 10 likiwa limevaa nguo nyingine: ameikata asilimia kwenye msingi usio wake.

Kijana alihesabu mara mbili kwenye simu yake, akaandika kwa penseli nyuma ya risiti ile sehemu 118 na mstari wa kugawanya, akaikunja na kumpelekea mama yake.