Asilimia Ndani ya Miraba Mia

"Nikisikia asilimia 35, hiyo thelathini na tano ni ya nini?"

Ni miraba 35 kati ya miraba 100 iliyo sawa, ambayo kwa pamoja ndiyo kitu kizima kinachozungumzwa. Chukua daftari la hesabu lenye miraba, chora mpaka kuzunguka mistari kumi yenye miraba kumi kila mmoja, kisha, kabla hujapaka rangi yoyote, jiulize kila mraba umebeba kiasi gani. Hatua hii ndiyo ambayo wanaoanza huiruka.

Tuseme ulikuwa na shilingi 2,000 na nauli ikala 700. Ukizigawa shilingi 2,000 kwa miraba yote, kila mraba unapata shilingi 20, na nauli inajaza miraba 35, yaani mistari mitatu kamili na nusu ya mstari wa nne. Mwenye shilingi 20,000 akitumia asilimia hiyohiyo, mchoro wake utafanana kabisa na wako, ila mraba wake mmoja una shilingi 200, kwa hiyo ametumia shilingi 7,000.

Mwanafunzi aliyepata maswali 18 kati ya 25 huweza kupaka miraba 18 na kuridhika. Atazame mchoro: rangi haijamaliza hata mstari wa pili, ilhali 18 imeshapita nusu ya 25, na nusu ya mchoro ni mistari mitano. Miraba 100 ikigawiwa maswali 25, kila swali hupata miraba minne, kwa hiyo anayostahili kupaka ni miraba 72.

Ugumu halisi, kwa maoni yangu, huja pale kiasi kinapoongezwa juu ya kitu kizima. Nchini Kenya kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16. Ndoo ya shilingi 500 kabla ya kodi ina shilingi 5 katika kila mraba. Kodi ni miraba 16, yaani shilingi 80, nayo haina nafasi ndani ya miraba ya kwanza, kwa hiyo huchorwa pembeni, katika mchoro wa pili. Mnunuzi analipa miraba 116, ambayo ni shilingi 580.

Sasa, ukitaka kuijua bei ya awali kutokana na hizo 580, usiondoe asilimia 16 yake. Ukifanya hivyo umechora miraba 100 mipya ambayo kila mmoja una shilingi 5.80, na utabaki na shilingi 487.20, wala si 500. Rudi kwenye mchoro uleule wa awali: gawa 580 kwa miraba 116, upate shilingi 5 kwa mraba, kisha uhesabu miraba 100 pekee.