Kwa nini fomu inakubali tarehe 9 lakini inakataa tarehe 13?

*"Nakata tiketi ya meli ya Mwanza kwenda Bukoba kwa simu. Nikichagua 13 Agosti naambiwa tarehe si sahihi, nikichagua 9 Agosti inapita bila shida. Mwenzangu kwa simu yake 13 inakubali. Tatizo ni nini?"*

Simu yako na seva hazisomi tarehe kwa mpangilio mmoja. Na usiifurahie hiyo tarehe 9 iliyopita: huenda umekatiwa tiketi ya tarehe 8 Septemba.

Unapogusa siku kwenye kalenda ya fomu, kivinjari kinajua vizuri kabisa ni siku gani. Vurugu huanza pale siku hiyo inapogeuzwa kuwa maandishi ili itumwe. Fomu nyingi hutumia amri `toLocaleDateString()`, ambayo hufuata lugha ya kivinjari. Simu nyingi huku kwetu zimeachwa kwenye Kiingereza cha Marekani, jinsi zilivyotoka dukani, na Wamarekani hutanguliza mwezi. Kwa hiyo 13 Agosti 2025 inaondoka kwenye simu yako ikiwa `8/13/2025`. Simu ya mwenzako, kama iko kwenye Kiswahili au Kiingereza cha Uingereza, inatanguliza siku.

Upande wa seva, aliyeandika programu ameandika tarehe kama sisi sote tulivyofundishwa shuleni, siku kwanza. Kwa Python ingekuwa hivi:

```python
datetime.strptime("8/13/2025", "%d/%m/%Y")
```

Seva inasoma siku ya 8, inafika kwenye mwezi wa 13, inakwama. Kwenye kumbukumbu zake kunabaki mstari huu:

```
ValueError: time data '8/13/2025' does not match format '%d/%m/%Y'
```

Wewe abiria unaona tu "tarehe si sahihi", nawe unaitazama kalenda na kuona tarehe iko sahihi kabisa.

Sasa 9 Agosti. Inatumwa kama `8/9/2025`. Siku ya 8, mwezi wa 9: kwa seva hiyo ni tarehe halali, haina sababu ya kulalamika. Nauli inakatwa, tiketi inatoka, na unafika bandarini mwezi mzima kabla ya safari yako.

Ukipiga hesabu ya mwaka wa siku 365, siku 221 zina namba kubwa kuliko 12, na hizo zitakataliwa. Siku 132 zitapita zikiwa zimegeuzwa. Zinabaki 12 tu ambazo ukizisoma mbele au nyuma ni zile zile, na mbili kati yake ni Saba Saba na Nane Nane. Mtu akiijaribu fomu yake kwa 8/8, akiwaza watu watakaosafiri kuja kwenye maonyesho, ataona kila kitu kinakwenda sawa. Kwa maoni yangu, hizo 221 zinazokataliwa ndizo zenye nafuu, maana angalau zinapiga kelele.

Ndiyo maana lile suluhisho la haraka, kwamba seva ikishindwa kusoma siku kwanza ijaribu mwezi kwanza, silipendi hata kidogo. Linanyamazisha zile 221 na kuziacha 132 palepale zilipo.

Dawa ni kuacha kutuma maandishi yaliyokusudiwa macho ya mtu. Tangu 1988 kuna kiwango cha kimataifa, ISO 8601, kinachoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: `2025-08-13`. Kisanduku cha kawaida cha HTML, `<input type="date">`, tayari kinatoa thamani hiyo, hata kama kwenye kioo kinaonyesha mpangilio mwingine. Kwa hiyo chukua `value` yake, itume kama ilivyo, na seva ikatae chochote kisichofanana nayo. Kwenye ukurasa wa kuthibitisha na kwenye tiketi, andika mwezi kwa jina.

Abiria, kabla mfumo haujarekebishwa, unaweza kubadili lugha ya kivinjari iwe Kiswahili, ukifunge na kukifungua upya. Kwa kawaida hilo hutosha. Na kabla hujalipa, soma mwezi uliotajwa kwenye uthibitisho.

Wanaorekebisha wana mtego mmoja zaidi. Wengi hukimbilia `toISOString()`, kwa sababu nayo hutoa mwaka kwanza. Lakini amri hiyo huibadili saa kwanza kuwa ya UTC, na Mwanza iko mbele kwa saa tatu. Kalenda nyingi huhesabu siku iliyochaguliwa kuanzia saa sita usiku ya hapa, kwa hiyo 13 Agosti inatoka hivi:

```
2025-08-12T21:00:00.000Z
```

Ukikata herufi kumi za mwanzo unapata tarehe 12. Seva inaikubali bila neno, na abiria anakuja siku moja baada ya meli kuondoka.