Je, wajua jinsi ya kumjibu wakala wa madeni anayekutajia deni usilolielewa?

Wakala wa kudai madeni amenipigia anasema benki inanidai Sh187,400. Nakumbuka nilipokwama nilikuwa nimebakisha kama elfu sitini hivi. Nimjibu nini?

Kwa simu, mwambie tu kwamba unapinga kiasi hicho na atapata jibu kwa maandishi. Chukua jina lake, kampuni yake na namba ya faili, halafu ukate. Usiseme "najua nadaiwa, nipe muda", wala usitume elfu mbili "kuonyesha nia njema". Sheria ya Kenya humpa mdai miaka 6 kwenda kortini kwa deni la mkataba, na malipo yoyote, au kukiri deni kwa maandishi, hufanya miaka hiyo ianze kuhesabiwa upya. Kama deni lako ni la zamani, hiyo elfu mbili inaweza kukugharimu sana.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika tarehe 1 Mei 2007, kimeweka kikomo cha kiasi ambacho benki inaweza kukudai mkopo ukishakuwa chechefu, yaani ukikaa siku 90 bila kulipwa. Benki inaruhusiwa vitu vitatu: deni la msingi lililobaki siku mkopo ulipogeuka chechefu, riba ya mkataba isiyozidi deni hilo la msingi, na gharama za kufuatilia deni.

Tuseme siku hiyo msingi ulikuwa Sh62,000. Riba haiwezi kupita Sh62,000 nyingine, hata ipite miaka kumi. Jumla ni Sh124,000. Kama baadaye ulilipa Sh20,000, zinatolewa humo, zinabaki Sh104,000. Ili ifike Sh187,400, wakala lazima aonyeshe gharama za ufuatiliaji za Sh83,400, na kwa mkopo mdogo kama huu, hapo ndipo ungependa kuona risiti.

Ndiyo maana swali kuu katika barua yako si "nadaiwa ngapi?" bali "mkopo uligeuka chechefu tarehe gani, na msingi ulikuwa kiasi gani siku hiyo?" Barua yenyewe iwe fupi:

"Napinga kiasi cha Sh187,400 mnachodai. Barua hii si kukiri deni. Naomba mnitumie: nakala ya mkataba niliotia saini, stetimenti kamili tangu siku mkopo ulipotolewa hadi leo, ikitenganisha msingi, riba, faini na malipo yangu, tarehe mkopo ulipokuwa chechefu na msingi wa siku hiyo, mchanganuo wa gharama za ufuatiliaji pamoja na risiti, na barua ya benki inayowapa mamlaka ya kunidai. Tafadhali tuwasiliane kwa maandishi."

Itume kwa baruapepe kwa wakala na kwa benki yenyewe, siku ileile. Usimwachie wakala peke yake: mara nyingi alichopewa ni orodha ya majina, namba za simu na salio, na stetimenti iko benki. Wakati unangoja, omba ripoti yako kutoka ofisi ya taarifa za mikopo (CRB). Moja kwa mwaka ni ya bure. Tarehe na salio vilivyomo humo vilinganishe na watakachokuletea.

Jibu likija, angalia kwanza kama wamekutumia stetimenti au ukurasa mmoja tu wenye salio la mwisho. Huo ukurasa si ushahidi. Ni dai lilelile limechapwa upya. Kisha tafuta malipo yako uliyolipa kwa M-Pesa, moja moja, ukitumia namba za miamala. Malipo yaliyoandikwa namba ya akaunti isiyo sahihi hupotea hapa.

Jambo moja huwatega wengi. Kama mkopo ulikuwa chechefu, ukaanza tena kulipa, kisha ukakwama mara ya pili, kikomo huhesabiwa kutoka mara hiyo ya mwisho. Kwa hiyo msingi unaoukumbuka huenda si ule sheria inaoutazama. Kikomo humlinda mdhamini pia, lakini hakigusi riba inayoongezeka baada ya hukumu ya korti.

Wasipojibu, peleka malalamiko rasmi benki, na benki ikinyamaza uyapeleke Benki Kuu ya Kenya pamoja na nakala za barua zote. Ila ukiletewa hati ya korti, barua hizi hazitoshi: wasilisha utetezi wako kortini ndani ya siku zilizoandikwa kwenye hati hiyo, ukiambatanisha hesabu yako. Usipofanya hivyo, mdai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikizwa, na Sh187,400 ikapita kama ilivyo.