Uchambuzi wa hotuba za kisiasa: dai lisilo na ushahidi halipewi alama

Malalamiko ya kukatwa alama katika zoezi la uchambuzi wa hotuba yameongezeka, na mengi yana chanzo kimoja. Mwanafunzi anaandika kwamba kiongozi "ametumia lugha ya ushawishi", anabandika aya nzima chini yake, kisha anamwachia msahihishaji kazi ya kuutafuta ushahidi humo. Msahihishaji hautafuti.

Chukueni hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1978 kuhusu vita dhidi ya Idi Amin, na kishazi chake mashuhuri: "Uwezo wa kumpiga tunao." Tuseme dai lenu ni kwamba msemaji anamlenga mtu, si nchi. Ushahidi uko kwenye kiambishi -m- cha "kumpiga". Angeilenga nchi, angesema "kuipiga". Angewalenga wananchi wa nchi hiyo, "kuwapiga". Kuna umbo lililochaguliwa na yapo yaliyoachwa, kwa hiyo dai lina pa kusimamia. Hata hivyo, "adui" nalo huchukua -m-, na adui aweza kuwa jeshi zima. Basi rudini kwenye vishazi vilivyotangulia muone -m- inarejelea nomino gani, kisha orodhesheni kila mahali adui anapotajwa, pamoja na pale panapowapinga. Wengi huruka hatua hii, nasi tunaijua sababu.

Kiambishi tu- cha "tunao" ni kigumu zaidi. Ni serikali, jeshi, au kila anayesikiliza? Kishazi chenyewe hakisemi. Kama kwingineko wasikilizaji wanaitwa "ninyi" na askari "wao", wigo wa tu- unapungua. Kama sivyo, andikeni kwamba umebaki wazi. Jibu hilo linapewa alama, ingawa hakuna anayeliamini hadi asahihishiwe.

Kuhusu utaratibu: nakala ya hotuba ilinganishwe na sauti iliyorekodiwa, kila kishazi kipewe namba kuanzia 1, na namba hiyo ifuate kila nukuu ndani ya mabano. Maneno yaliyorukwa yaonyeshwe kwa nukta tatu. Nukuu isiyo na namba haisahihishwi. Nukuu isiyopatikana kwenye nakala huchukuliwa kuwa ya kughushi na hupelekwa kamati ya nidhamu, hata kama mliikuta gazetini.

Tunaomba pia muache kuandika kwamba "wananchi walihamasika". Maandishi ya hotuba hayasemi nani alihamasika. Alama ya makofi kwenye nakala inathibitisha kwamba watu walipiga makofi baada ya kishazi fulani, basi. Na "alikusudia" badilisheni iwe "kishazi kinaonyesha", mradi mtaje ni umbo gani linaloonyesha.

Rufaa ya alama iambatane na nakala yenye namba. Isiyo nayo itarudishwa bila kujadiliwa.